Sura ya 7: Monita Mbili, Saa Mbili

Chukua kompyuta moja ya mezani yenye Linux, kadi ya michoro ya AMD na monita mbili. Monita ya kushoto ni mpya: pikseli 2560 kwa 1440, inachora picha mara 144 kwa sekunde, na imeunganishwa kwa waya wa DisplayPort. Ya kulia ni ya zamani: pikseli 1920 kwa 1080, mara 60 kwa sekunde, kwenye HDMI. Mwenye mashine anahariri video. Kushoto anakata na kupanga vipande, kulia anatazama matokeo.

Tatizo lilianzia kulia. Kamera ilipogeuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, nguzo na fremu za milango zilikatika katikati, nusu ya chini ikatangulia na nusu ya juu ikabaki nyuma. Akabadilisha mipangilio ya kompozita, yaani programu inayokusanya madirisha yote na kuyafanya picha moja. Kulia kukatulia, ila sasa monita ya kushoto, ambayo ndiyo aliyoinunua kwa ajili ya kasi, ikaanza kwenda kwa kushtukashtuka. Akirudisha mipangilio ya kwanza, nguzo zinakatika tena.

Wengi wakifika hapa huamini kwamba draiva ni mbovu. Kwa kawaida haina ubovu wowote. Hapa kuna matatizo mawili yenye chanzo kimoja, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni picha kuchanika. La pili ni mwendo usio sawa pale monita zenye kasi tofauti zinapolazimishwa kufuata saa moja. Kwenye X11, ambayo ni seva ya onyesho ya zamani, la kwanza linatibika vizuri, la pili linapunguzwa tu. Kwenye Wayland yote mawili hutoweka kwa sababu mpango wenyewe ni mwingine.

Picha inavyochanika

Kadi ya michoro haipeleki picha nzima kwenye monita kwa mkupuo. Inaisoma kutoka kwenye eneo la kumbukumbu linaloitwa bafa, mstari mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini. Kwa monita ya 60 Hz, safari hiyo huchukua takriban milisekunde 16.7. Kwa monita ya 144 Hz huchukua kama milisekunde 6.9. Kati ya safari moja na nyingine kuna mwanya mfupi ambamo hakuna mstari unaosomwa.

Picha mpya ikiingizwa ndani ya mwanya huo, mtazamaji haoni kasoro. Ikiingizwa wakati kadi imeshafika katikati, mistari ya juu inakuwa ya picha ya zamani na ya chini inakuwa ya picha mpya. Ni kama mtu anayesoma barua kwa sauti, kisha katikati ya ukurasa mwenzake anambadilishia karatasi: sentensi inaanza kwa habari moja na kumalizikia kwa nyingine. Kama hakuna kilichosogea, picha mbili hizo zinafanana na hutaona lolote. Kukiwa na mwendo wa kulia au kushoto, kila ukingo wa wima unakatika penye mpaka huo. Ndiyo maana mchaniko huonekana zaidi kwenye nguzo, milango na pembe za madirisha kuliko kwenye maandishi yanayopanda taratibu.

Bafa moja kwa monita zote

Mfumo wa X ulianzishwa MIT mwaka 1984, na toleo la 11, ambalo ndilo tunaloliita X11, lilitoka mwaka 1987. Kituo cha kazi cha wakati ule kwa kawaida kilikuwa na skrini moja. Kama zilikuwa mbili, X ilizihesabu kama skrini zilizotengana kabisa, na dirisha lililofunguliwa kwenye moja halikuweza kuburutwa hadi nyingine. Watu walitaka kuburuta. Suluhisho lililoenea, hasa baada ya nyongeza ya RandR 1.2 ya mwaka 2007, lilikuwa kuzihesabu monita zote kuwa skrini moja pana yenye bafa moja, na kila monita ikaonyesha kipande chake cha bafa hiyo.

Jambo hilo unaliona kwa macho yako ukiandika `xrandr` kwenye mashine ya mhariri wetu. Hapa nimepunguza mistari:

```
Screen 0: current 4480 x 1440
DisplayPort-0 connected primary 2560x1440+0+0
   2560x1440     59.95 +  143.91*
HDMI-A-0 connected 1920x1080+2560+0
   1920x1080     60.00*+   50.00
```

Mstari wa kwanza ndio kiini cha sura hii. Kuna `Screen 0` peke yake, na upana wake ni 4480, yaani 2560 kujumlisha 1920. Lakini bafa hiyo moja inasomwa na wasomaji wawili, kila mmoja kwa saa yake. Mwanya wa monita ya kushoto hauna uhusiano wowote na mwanya wa monita ya kulia.

Kompozita ya X11 ikishamaliza kutengeneza picha ya skrini hiyo pana, ina njia mbili za kuifikisha. Ya kwanza ni kuinakili ndani ya bafa inayosomwa, ikilenga mwanya wa monita moja. Monita hiyo inapata picha safi, na nyingine inapokea mabadiliko wakati wowote, hata ikiwa katikati ya kusoma. Ya pili ni kubadilisha bafa nzima kwa nyingine na kusubiri kila monita ifike kwenye mwanya wake. Hapo hakuna kinachochanika, lakini picha inayofuata haitoki mpaka monita ya polepole zaidi ipokee hii ya sasa. Sasa unaelewa kilichompata mhariri: mipangilio yake ya kwanza ilimpa kasoro ya njia ya kwanza, na ya pili ikampa kasoro ya njia ya pili.

Usidhani kwamba monita mbili zilizoandikwa 60 Hz zimesalimika. Moja inaweza kuwa 60.00 na nyingine 59.95, kama mistari ya hapo juu inavyoonyesha. Tofauti ya 0.05 maana yake ni kwamba saa hizo mbili zinapishana kwa mzunguko mmoja kamili kila sekunde 20. Ukiona mstari wa mchaniko unaopanda au kushuka polepole kwenye monita moja, kisha unapotelea ukingoni na kurudi upande wa pili, umeziona saa mbili zikipishana.

Pima kwanza

Anza kwa kujua uko kwenye seva ipi:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Jibu litakuwa `x11` au `wayland`. Usikisie, maana sura ya deskitopu ni ileile kwa zote mbili.

Kisha, kama uko kwenye X11, tazama nyota kwenye matokeo ya `xrandr`. Nyota inaonyesha kasi inayotumika sasa, na alama ya kujumlisha inaonyesha kasi ambayo monita yenyewe imejitambulisha nayo kuwa ya kawaida. Monita nyingi za 144 Hz hujitambulisha kwa 60, hivyo mashine huziwasha kwa 60 na mwenyewe asijue. Hilo hurekebishwa kwa amri moja:

```
xrandr --output DisplayPort-0 --mode 2560x1440 --rate 143.91
```

Kama kasi hiyo haimo kabisa kwenye orodha, angalia waya na tundu ulilochomeka kabla ya kugusa programu yoyote.

Baada ya hapo, tenganisha matatizo mawili. Fungua dirisha refu lenye ukingo wa wima unaoonekana vizuri, liburute haraka kulia na kushoto, kwanza kwenye monita moja kisha kwenye nyingine. Ukingo ukikatika kwa mstari mlalo, huo ni mchaniko. Ukingo ukibaki mzima lakini ukasogea kwa hatua zisizolingana, hilo ni tatizo la saa.

Usijaribu kuthibitisha mchaniko kwa kupiga picha ya skrini kwa programu. Programu hiyo inasoma yaliyomo ndani ya bafa, na mchaniko unatokea baadaye, pale bafa inaposomwa kwenda kwenye monita. Faida yake ni kwamba kipimo hicho kinafanya kazi kinyumenyume: picha ya programu ikionyesha mkato, basi mkato umetoka kwenye video yenyewe au kwenye programu inayoicheza, na hakuna mpangilio wa seva utakaouondoa. Ushahidi mzuri wa mchaniko halisi ni video ya mwendo wa pole iliyorekodiwa kwa simu mbele ya monita.

Dawa ya mchaniko kwenye X11

Kwa kadi za AMD, draiva ya `amdgpu` ya X ina chaguo linaloitwa `TearFree`. Likiwashwa, kila monita hupewa bafa zake pembeni. Draiva inanakili humo kipande cha monita husika kutoka kwenye bafa kuu, kisha inabadilisha bafa hizo ndani ya mwanya wa monita hiyohiyo. Msomaji wa kulia hasomi tena karatasi inayoandikwa upya chini ya macho yake.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kulijaribu bila kuwasha mashine upya:

```
xrandr --output DisplayPort-0 --set TearFree on
xrandr --output HDMI-A-0 --set TearFree on
```

Buruta tena lile dirisha. Mchaniko ukiwa umeisha, uandike mpangilio huo ndani ya `/etc/X11/xorg.conf.d/20-amdgpu.conf` ili udumu:

```
Section "OutputClass"
    Identifier "AMD"
    MatchDriver "amdgpu"
    Driver "amdgpu"
    Option "TearFree" "true"
EndSection
```

Kama `xrandr` ikikuambia kwamba haiitambui sifa hiyo, sababu ya kawaida ni kwamba X inatumia draiva ya jumla ya `modesetting` badala ya `amdgpu`. Thibitisha kwa `xrandr --prop`: kama neno `TearFree` halimo, draiva inayotumika haina chaguo hilo.

Kadi za NVIDIA, zikiwa na draiva ya kampuni yenyewe, zina dawa ya aina hiyohiyo kwa jina la `ForceFullCompositionPipeline`. Unaiwasha kwa kila monita ndani ya `nvidia-settings`, kwenye mipangilio ya monita, chini ya kitufe cha `Advanced`.

Dawa hizi zina gharama. Picha hunakiliwa mara moja zaidi, na huenda ikachelewa kwa takriban fremu moja. Kwa mhariri wa video hilo halina uzito. Kwa mchezaji wa michezo ya kulengana, kwenye monita ya 60 Hz, milisekunde 16 za ziada zinahisika mkononi.

Hesabu ya 144 na 60

Mchaniko umeisha kwenye meza yetu. Mwendo je? Hapa `TearFree` haina la kufanya, kwa sababu yenyewe inapokea tu kile ambacho kompozita imeshachora. Kama kompozita inachora mara 60 kwa sekunde, hakuna draiva itakayobuni fremu 84 zilizobaki.

Na kushtuka kwa monita ya kushoto si suala la uchache wa fremu peke yake. Gawanya 144 kwa 60 upate 2.4. Kila picha inapaswa kukaa kwenye monita kwa mizunguko 2.4, lakini monita haina mzunguko wa nusu. Basi picha ya kwanza inakaa mizunguko miwili, ya pili miwili, ya tatu mitatu, ya nne miwili, ya tano mitatu, kisha inaanza upya. Picha moja inakaa machoni milisekunde 13.9, inayofuata 20.8. Ndiyo sababu watu husema monita yao ya 144 Hz inaonekana mbaya kuliko ile ya 60, na wana haki kusema hivyo: ya 60 inapokea fremu zilezile kwa vipindi vilivyo sawa.

Ukibaki X11, hatua ya maana zaidi ni kuishusha monita ya kasi hadi 120 Hz, kama inayo kwenye orodha yake. Sasa kila picha inakaa mizunguko miwili kamili na mwendo unatulia. Hupati ulaini wa 120, unapata 60 iliyonyooka. Njia nyingine ni kuiacha `TearFree` ishughulikie mchaniko, kisha uzime usawazishaji wa kompozita ili isisubiri monita yoyote. Kwenye `picom` ni mstari mmoja tu, `vsync = false`. Kompozita itachora kwa uhuru zaidi, na kila monita itachukua kilichopo mwanya wake unapofika. Pima tena kwa lile dirisha, maana matokeo hutofautiana kati ya kompozita moja na nyingine.

Kitu kimoja hakitawezekana kwa namna yoyote ya kawaida. Monita zinazobadilisha kasi yake kufuata mchezo zinahitaji dirisha la mchezo lifunike skrini nzima ya X. Kwenye bafa yetu yenye upana wa 4480, mchezo uliojaza monita ya kushoto umefunika 2560 tu. Uwezo huo hufanya kazi ukizima monita ya pili.

Wayland: kila monita na saa yake

Kristian Høgsberg alianza Wayland mwaka 2008. Kwa mada yetu, badiliko kubwa ni kwamba seva na kompozita zimekuwa programu moja. Kompozita haiombi tena ruhusa ya kuweka picha ndani ya bafa ya mtu mwingine. Inazungumza na kerneli yenyewe, inaipa kila monita bafa yake, na inabadilisha bafa hiyo ndani ya mwanya wa monita hiyo. Bafa ya upana wa 4480 haipo.

Programu nazo zinachora kwa utaratibu mwingine. Dirisha linaomba kuarifiwa, na kompozita inaliambia wakati wa kuchora fremu inayofuata umefika, kwa kufuata monita ambayo dirisha limo. Dirisha likimaliza, linakabidhi fremu nzima. Kompozita haionyeshi kazi iliyo nusu. Kwa hiyo dirisha la kushoto linaarifiwa mara 144 kwa sekunde, la kulia mara 60, na hakuna anayemsubiri mwenzake.

Lakini mpango mzuri ulihitaji kompozita zilizouandika hivyo, na hazikufika siku moja. GNOME ilipata saa ya kila monita kwenye toleo la 3.38, mwaka 2020. Kabla ya hapo, hata chini ya Wayland, monita zote zilifuata ile ya polepole. Plasma ilifika kwenye toleo la 5.21, mwaka 2021. Hili lina athari hadi leo kwa wenye mifumo ya zamani: Debian 11 ina GNOME 3.38 na Plasma 5.20, hivyo mashine ileile, kwenye Debian ileile, itakwenda vizuri kwa deskitopu moja na kushtuka kwa nyingine. Aliyejaribu Wayland kwenye Ubuntu 20.04, yenye GNOME 3.36, na kukata tamaa, alikuwa sahihi kwa wakati ule na anapaswa kujaribu tena.

Mhariri wetu anahitaji tu kutoka, kisha kwenye ukurasa wa kuingia achague kikao cha Wayland badala ya kile cha X11. Baada ya kuingia, kasi ya kila monita huwekwa kwenye mipangilio ya maonyesho ya deskitopu. Kwenye Plasma unaweza pia kutumia amri:

```
kscreen-doctor -o
kscreen-doctor output.DP-1.mode.2560x1440@144
```

Amri ya kwanza inaorodhesha monita na kasi zake, ya pili inachagua. Angalia kwamba `DisplayPort-0` sasa inaitwa `DP-1`, kwa kuwa hilo ndilo jina la kerneli. Na usiitumie `xrandr` hapa. Itajibu, lakini inazungumza na Xwayland, ile seva ndogo ya X iliyowekwa kwa ajili ya programu za zamani, na kasi inazoonyesha ni za kukokotolewa. Watu wamepoteza jioni nzima wakirekebisha 59.96 ambayo haikuwepo kwenye monita yoyote.

Ikigoma bado

Ukishahamia Wayland, mchaniko ukibaki ni nadra. Kinachobaki mara nyingi ni mambo mawili.

La kwanza ni kadi za NVIDIA. Programu zinazopitia Xwayland zilikuwa zikimetameta au kuonyesha fremu za nyuma, kwa sababu draiva na kompozita hazikuwa na namna ya wazi ya kuambiana fremu ipi imekamilika. Njia hiyo ilipatikana mwaka 2024, na inahitaji pande zote tatu ziwe mpya: draiva ya 555 au zaidi, Xwayland 24.1, na kompozita inayoielewa, kama ya Plasma 6.1. Moja ikiwa ya zamani, kasoro inabaki. Hakikisha pia kwamba faili la `/sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset` linasema `Y`.

La pili ni kompyuta za mkononi zenye kadi mbili. Tundu la HDMI linaweza kuwa limeunganishwa na kadi kubwa huku deskitopu ikichorwa na ndogo. Kila fremu ya monita ya nje inanakiliwa kutoka kadi moja hadi nyingine, na monita hiyo peke yake inashtuka. Jaribu tundu jingine, hasa la USB-C, ambalo huenda limeunganishwa na kadi ndogo. Mwendo ukinyooka, umepata chanzo bila kugusa faili lolote.

Kwa upande mwingine, mchaniko unaweza kuruhusiwa kwa makusudi. Tangu mwishoni mwa 2022 Wayland ina itifaki inayoruhusu mchezo kuomba fremu yake ionyeshwe papo hapo bila kusubiri mwanya. Ukiona mchezo mmoja unachanika ilhali kila kitu kingine kimetulia, tafuta chaguo la mchaniko kwenye mipangilio ya maonyesho kabla ya kuilaumu draiva.

Kwa meza yetu ya kuhariri, basi, uamuzi ni huu. Kama Plasma ni 5.21 au zaidi, au GNOME ni 3.38 au zaidi, ahamie Wayland, aweke 144 kushoto na 60 kulia, na kazi imekwisha. Kama kuna programu inayomlazimisha kubaki X11, awashe `TearFree` kwa monita zote mbili na kuishusha ya kushoto hadi 120. Hapo atakuwa na picha nzima na mwendo ulionyooka, akijua kwamba fremu 84 za ziada alizozilipia hazitaonekana mpaka siku programu hiyo itakapokubali kuhama.